Admit, deny, suggest na promise: jinsi ya kuandika upya usemi halisi bila kupoteza alama

Maswali ni yale yale kila muhula. Kwa nini *denied to take* imekatwa kwa wino mwekundu? Kwa nini *suggested me to go* si sahihi, ilhali *advised me to go* inakubaliwa? Kwa nini *admitted to breaking* ni sawa na *admitted to break* ni kosa? Mwongozo huu unajibu maswali hayo kwa kushughulikia vitenzi vinne tu, *admit*, *deny*, *suggest* na *promise*, na zoezi la aina moja: umepewa sentensi ya usemi halisi kwa Kiingereza, nawe unatakiwa kuiandika upya ukianza na maneno uliyopewa, bila kubadilisha maana. Ni zoezi unaloweza kukutana nalo katika sehemu ya sarufi ya karatasi ya pili ya Kiingereza katika KCSE, sehemu yenye alama 15, na limejaa katika vitabu vya marudio vinavyotandazwa kando ya barabara katikati ya jiji la Nairobi.

Chanzo cha makosa mengi kiko mdomoni mwetu. Kwa Kiswahili tunasema alikiri kuvunja, alikana kuvunja, alipendekeza kwenda, aliahidi kwenda. *Ku-* ni ile ile kote. Kiingereza hakina *ku-* moja ya kufanya kazi zote hizo. Kinakulazimisha uchague kati ya umbo la *-ing*, *to* yenye kitenzi kitupu, na kishazi cha *that*. Mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili huona *ku-* akaandika *to*. Atapata *promise* na kukosa hizo tatu nyingine.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

Tafuta daftari, kalamu mbili za rangi tofauti, na zoezi lenye sentensi kama kumi hivi ambalo majibu yake unayo au mwalimu wako anayo. Uwe pia na orodha ya vitenzi vya Kiingereza visivyofuata kanuni, ile yenye safu tatu: *take, took, taken*, *break, broke, broken*, *steal, stole, stolen*. Utaitumia safu ya tatu zaidi kuliko unavyodhani.

Kisha nakili miundo hii ukurasa wa kwanza wa daftari, kama ilivyo:

```
admit   + -ing / to + -ing / that
deny    + -ing / that
suggest + -ing / that
promise + to + kitenzi kitupu / that / mtu + that
```

Tazama tena mstari wa kwanza. *To* inayofuata *admit* ni kihusishi, sawa na *for* au *of*, na kihusishi cha Kiingereza kikifuatwa na kitendo, kitendo hicho huja katika umbo la *-ing*. Ndiyo maana *He admitted to breaking the window* ni sahihi. *To* ya *promise* ni nyingine kabisa: hiyo hufuatwa na kitenzi kitupu, *promised to pay*. Zinaandikwa sawa na kutamkwa sawa, lakini kazi zao ni mbili.

## Hatua

1. Tambua mtendaji wa kila kitendo.

Kila sentensi ya zoezi hili ina vitendo viwili: kitendo cha kusema, na kitendo kinachosemwa. Chukua kalamu ya rangi ya kwanza, upigie mstari jina la anayesema. Chukua ya pili, upigie mstari mtu anayefanya kitendo kilichomo ndani ya alama za mtajo. Halafu jiulize kama ni mtu mmoja au ni wawili.

Akiwa mmoja, una uhuru: unaweza kutumia muundo mfupi, yaani *-ing* au *to*, au ukatumia *that*. Wakiwa wawili, nenda kwenye *that* moja kwa moja. Linganisha sentensi hizi mbili:

*"I did not pay the fine," the driver said.*
*The driver denied paying the fine.*

*"My conductor did not pay the fine," the driver said.*
*The driver denied that his conductor had paid the fine.*

Ukiandika *The driver denied paying the fine* kwa sentensi ya pili, umemtwika dereva kitendo cha kondakta. Sarufi iko sawa, maana imepotea, na agizo lilisema maana isibadilike.

*Suggest* ina tabia yake hapa. *Otieno suggested taking a bus* haisemi waziwazi ni nani atakayepanda basi. Kwa kawaida inaeleweka kwamba Otieno mwenyewe yumo pamoja na wenzake. Kwa hiyo inafaa sana pale mtu anaposema *Let's* au *Shall we*. Lakini muuguzi akimwambia mgonjwa *You should rest*, muuguzi hayumo katika kupumzika huko. Tumia *that* umtaje mgonjwa: *The nurse suggested that Baraka should rest.*

2. Shughulikia ukanushi kabla ya kuandika neno lolote.

Hapa ndipo alama nyingi hupotelea, kwa hiyo usiharakishe. Tafuta kila *not*, *n't*, *never*, *nobody*, *nothing* katika sentensi uliyopewa, uzungushie duara. Kinachofuata kinategemea kitenzi.

*Deny* tayari ina "hapana" ndani yake. Ukanushi wa sentensi halisi unamezwa na kitenzi chenyewe na hauandikwi tena:

*"I did not take your calculator," Achieng told Mueni.*
*Achieng denied taking Mueni's calculator.*

Ukiandika *Achieng denied not taking*, umesema kinyume: kwamba kuna aliyemshutumu kwa kutochukua, naye anasema alichukua. Kosa hili lina mizizi katika Kiswahili pia, kwa sababu kwetu mtu anaweza kusema "alikana kwamba hakuchukua" na wote wakaelewa kuwa alisema hakuchukua. Kwa Kiingereza *denied that she had not taken it* inasomwa neno kwa neno, na maana yake ni kwamba alikubali kuichukua.

Maneno mengine ya kukanusha hubadilika pamoja na *not*. *Never* huwa *ever*, *nobody* huwa *anybody*, *nothing* huwa *anything*:

*"I never said that," he insisted.*
*He denied ever saying that.*

*"I told nobody about the test," she said.*
*She denied telling anybody about the test.*

*Admit* haimezi kitu. Mtu akikiri kwamba hakufanya jambo, *not* inabaki na inasimama mbele ya *-ing*: *"I did not lock the gate,"* inakuwa *The watchman admitted not locking the gate.*

*Promise* nayo huweka *not* mbele ya *to*: *promised not to be late*. Usiiandike *promised to don't be late*, wala *promised won't be late*.

*Suggest* ina mtego mmoja unaowanasa hata wanafunzi wazuri. *Why don't we* ina *n't*, lakini haikanushi chochote. Ni njia ya kutoa wazo. *"Why don't we board at Kencom?"* maana yake ni twende tukapandie Kencom. Jibu ni *suggested boarding at Kencom*. Anayeona *n't* akaandika *suggested not boarding* amewakataza wenzake kile alichokuwa akiwaomba wafanye. *Let's not board at Kencom* ndiyo inayotoa *suggested not boarding*.

3. Amua wakati wa kitendo.

Jiulize kama kitendo kilifanyika kabla ya kusemwa, kinaendelea wakati wa kusemwa, au bado kinakuja.

Kwa *admit* na *deny*, kitendo mara nyingi kimeshapita. Una njia mbili za kukionyesha, na zote zinakubalika: *admitted breaking the beaker* na *admitted having broken the beaker*. Maana ni ile ile hapa. Tumia *having* agizo likikutaka uitumie, au pale ambapo bila hiyo msomaji atadhani kitendo bado kinaendelea. Mfano ni mwanafunzi wa bweni anayesema *I eat in the dormitory*. Hiyo ni mazoea ya sasa, kwa hiyo jibu ni *admitted eating in the dormitory*. Ukiweka *having eaten* umeyahamisha mazoea hayo hadi siku iliyopita. Lakini akisema *I once ate in the dormitory*, basi *having once eaten* inabana maana vizuri.

*Having* hufuatwa na umbo la safu ya tatu: *having taken*, *having stolen*, *having gone*. *Having took* na *having went* hukatwa, hata kama umechagua muundo sahihi.

Kwa *promise* kitendo kinakuja, na *to* ndiyo kawaida yake. Kwa *suggest* kitendo kinakuja pia, lakini kitenzi hiki kinachukua *-ing*. Kuna kanuni inayosambazwa madarasani kwamba *-ing* ni ya mambo yaliyopita na *to* ni ya mambo yajayo. Inasaidia kwa *admit*, *deny* na *promise*. Kwa *suggest* inakudanganya, kwa hiyo usiitegemee peke yake.

4. Andika kitenzi na muundo wake, kisha usimame.

Andika sehemu ya kwanza tu: *Kamau admitted breaking*, au *Halima promised not to be*. Usiendelee na sentensi nzima. Itazame sehemu hiyo pekee na uilinganishe na ukurasa wa kwanza wa daftari lako. Ukishamaliza sentensi nzima jicho hukimbilia mwisho, na *denied to* inakupita hivi hivi.

Ukichagua *that*, kitenzi kinachoifuata hurudi nyuma kwa wakati, kwa sababu *admitted*, *denied* na *promised* ziko katika wakati uliopita. *Broke* inakuwa *had broken*. *Will* inakuwa *would*. *Promised that she will come* ni kosa la kawaida mno katika madaftari ya kidato cha pili na cha tatu.

Kwa *suggested that*, njia salama ni *should*: *suggested that they should board*. Unaweza pia kuiacha *should* na kubaki na kitenzi kitupu: *suggested that they board*, *suggested that he see the principal*. Katika mfano huo wa mwisho *see* haina *s* ingawa kiima ni *he*. Wanafunzi wengi hurudisha *s* kwa mazoea, na ndiyo sababu tunasisitiza *should* kwa anayeanza.

5. Rekebisha nafsi, umiliki, mahali na siku.

Muundo mfupi humeza kiima, lakini haumezi vitu vingine. *My phone* lazima iwe *his phone* au *her phone*. *Your calculator*, aliyeambiwa akiwa Mueni, inakuwa *Mueni's calculator*. *Yesterday* inakuwa *the day before* au *the previous day*, *tomorrow* inakuwa *the next day* au *the following day*, *here* inakuwa *there*. Mwanafunzi aliyetoa jibu zuri kama *admitted breaking the beaker* akamalizia na *yesterday* amebakiza kipande cha usemi halisi ndani ya usemi wa taarifa.

Aliyeambiwa naye ana masharti. Baada ya *promise* anaweza kusimama moja kwa moja: *promised the teacher that she would not be late*. Baada ya *admit* na *suggest* lazima atanguliwe na *to*: *admitted to the principal that he had broken it*, *suggested to us that we should wait*. Baada ya *deny* mwache kabisa. *Deny* ikifuatwa na mtu hugeuka maana na kuwa kunyima: *They denied him food* ni walimnyima chakula. Kwa hiyo *Achieng denied Mueni taking the calculator* haisemi unachotaka kusema.

6. Soma agizo mara ya pili na usafishe alama.

Ondoa alama za mtajo na kiulizi. Hakikisha umeanza na maneno uliyopewa bila kuyageuza. Angalia tahajia: *admitted* na *admitting* zina *t* mbili, *denied* ina *i* mahali pa *y*, lakini *denying* inarudisha *y*.

## Zoezi moja, mwanzo hadi mwisho

Hizi ni sentensi za mfano. Zifunike majibu uzifanye kwanza, kisha usome maelezo.

a) *"I broke the beaker yesterday," Kamau told the teacher. (Begin: Kamau admitted...)*

Anayesema ni Kamau, aliyevunja ni Kamau: mtendaji mmoja. Hakuna ukanushi. Kitendo kimepita. *Admit* inakupa *-ing*, *to* na *-ing*, au *that*. *Yesterday* lazima ibadilike. Majibu yanayokubalika:

*Kamau admitted breaking the beaker the day before.*
*Kamau admitted having broken the beaker the day before.*
*Kamau admitted to the teacher that he had broken the beaker the day before.*

Jibu la tatu ndilo linalomhifadhi mwalimu katika sentensi. Kama unaogopa kupoteza alama kwa kumwacha nje, lichague hilo.

b) *"I was not given the keys," the prefect said. (Begin: The prefect denied...)*

Kiranja hakutenda, alitendewa. Wengi huandika *denied giving the keys*, na sasa kiranja ndiye aliyekuwa na funguo akawapa wengine. Kauli ya kutendwa lazima ibaki: *being* na umbo la tatu, au *having been* na umbo la tatu. *Not* imemezwa.

*The prefect denied being given the keys.*
*The prefect denied having been given the keys.*

c) *"Why don't we visit the National Museum on Saturday?" Otieno said. (Begin: Otieno suggested...)*

*Why don't we* si ukanushi. Otieno yumo katika safari, kwa hiyo muundo mfupi unatosha.

*Otieno suggested visiting the National Museum on Saturday.*
*Otieno suggested that they should visit the National Museum on Saturday.*

Kiulizi kimeondoka. *Otieno suggested them to visit* haipo katika mistari minne uliyonakili, kwa hiyo haiandikwi.

d) *"I will not be late for prep again," Halima told the teacher. (Begin: Halima promised...)*

Mtendaji ni mmoja, ukanushi upo na unabaki, kitendo kinakuja.

*Halima promised not to be late for prep again.*
*Halima promised the teacher that she would not be late for prep again.*

Ukitaka kumtaja aliyeahidiwa, tumia *that* kama hapo juu. Muundo huo hauna ubishi.

e) *"My brother will return the money tomorrow," Wanjiku said. (Begin: Wanjiku promised...)*

Hapa rangi zako mbili zinaangukia watu wawili. Wanjiku anaahidi, kaka yake atarudisha. *Wanjiku promised to return the money* inamfanya Wanjiku mwenyewe kuwa mlipaji. Jibu ni moja tu:

*Wanjiku promised that her brother would return the money the next day.*

Vitu vitatu vimebadilika kwa mpigo, *my*, *will* na *tomorrow*, na kila kimoja kinaweza kukugharimu.

Baada ya kufanya zoezi hivi, lirudie ukiandika kila jibu mara mbili: muundo mfupi, kisha *that*. Sentensi inayokataa muundo mfupi, kama hii ya mwisho, itajitokeza yenyewe, na utakuwa umeona kwa nini.

## Ukikwama

Umepewa pengo na kitenzi kwenye mabano. Tazama neno lililo kabla ya pengo. *He admitted ___ (take) the keys* inataka *taking*. *He admitted to ___ (take) the keys* inataka *taking* vilevile, kwa sababu *to* hiyo ni kihusishi. *She promised ___ (not tell) anyone* inataka *not to tell*. *They suggested that he ___ (see) a doctor* inataka *should see* au *see*.

Hujui kama ni *deny* au *refuse*. Kukataa kwetu kunabeba zote mbili: alikataa kwamba aliiba, alikataa kuosha vyombo. Kwa Kiingereza zinaachana. Mtu anayesema jambo halikutokea ana-*deny*. Mtu anayesema hatafanya jambo ana-*refuse*, na *refuse* inachukua *to*. *"I won't wash the plates,"* inatoa *He refused to wash the plates*. Karibu kila *denied to* inayoandikwa madarasani ni *refused to* iliyovaa kitenzi kisicho chake, kwa hiyo ukiiona katika daftari lako, anza kwa kuuliza kama hukukusudia *refuse*.

Hujui kama ni *promise* au *offer*. *"I'll carry that bag for you,"* mtu anajitolea kusaidia, kwa hiyo *offered to carry*. *"I'll pay you back on Friday,"* mtu anatoa neno lake, kwa hiyo *promised to pay*. Zote mbili zinachukua *to*, hivyo hata ukikosea kitenzi, muundo unabaki salama.

Una *advise* au *tell* kichwani na inakuharibia *suggest*. Jaribu kusoma sentensi kwa sauti ukiweka *to* mbele ya mtu: *suggested to him*. Kama sentensi yako haiwezi kuendelea na *that* baada ya hapo, umeazima muundo wa *advise*. *Advised him to rest* na *suggested that he should rest* zinakaribiana sana kimaana, lakini maumbo hayabadilishani.

Jibu lako ni sahihi lakini halilingani na la kitabu. Kwanza angalia kama kitabu kimetoa muundo mfupi nawe umetoa *that*, au kinyume chake. Zote zikiwa katika mistari minne na mtendaji ni yule yule, jibu lako linasimama. Pili, angalia agizo. Kama lilikuambia utumie *having*, au lilikuanzishia *Kamau admitted to...*, basi muundo umeshachaguliwa na kuchagua mwingine ni kutofuata agizo. Mpelekee mwalimu sentensi zote mbili zikiwa zimeandikwa, si moja.

Umekutana na kitenzi kisichokuwa katika mistari hii. Fungua kamusi ya Kiingereza iliyotungwa kwa wanafunzi wa lugha. Chini ya kila kitenzi kuna miundo iliyofupishwa, ambamo `sb` ni mtu na `sth` ni kitu. Ukiona `accuse sb of doing sth`, kitenzi kinataka mtu, kisha *of*, kisha *-ing*. Ukiona `threaten to do sth`, kinataka *to*. Ukiona `doing sth` bila `sb` mbele yake, usimweke mtu hapo. Nakili muundo huo chini ya ile minne, pamoja na sentensi moja yako yenye jina la mtendaji ndani yake, kisha urudi hatua ya kwanza.